Mke ana digrii, mume la saba: mwongozo wa kurudisha maongezi ya maana ndani ya nyumba

Mi ni fundi pikipiki, niko Kihonda hapa Morogoro, la saba nilimaliza 2003 na baada ya hapo nikaingia gereji sikutoka tena. Mke wangu ni mwalimu wa sekondari, ana digrii. Tulipooana watu walisema hawa hawafiki mbali, mi nikawajibu kimoyomoyo kwamba mapenzi hayana cheti, na kweli mapenzi hayakuwa shida, shida ilikuja kwenye kuongea. Mambo madogo tulikuwa tunaongea freshi tu, gesi imeisha, mtoto anakohoa, luku imebaki yuniti ngapi, lakini ikija habari ya hela kubwa, mkopo, kiwanja, mtoto asome wapi, hapo maongezi yanakufa. Yeye anaanza kueleza, katikati anakata, anasema "ah, basi tu." Mi nami najibu ile sentensi yangu ya siku zote, "we ndo umesoma, amua." Miaka minne tumeishi hivyo, kila mmoja anaamini mwenzake hataki kuongea.

Naandika tulivyofanya, kwa mpangilio, maana tangu tuanze kukaa na wanandoa wengine wa hapa mtaani nimeona wengi wako palepale, na sio lazima mwanamke ndo awe msomi. Kuna jirani yeye mume ni mhasibu na mke anauza mboga sokoni, ugonjwa ni uleule ila wanaoumwa wamebadilishana viti.

Kwanza tafuteni maongezi yanafia wapi

Msianze na kikao. Kikao cha "mke wangu leo tuongee" kwa watu ambao hawajaongea miaka kinaishia kwenye lawama dakika ya tano. Anzeni na kuchunguza, wiki mbili, kila mtu kivyake. Kila maongezi yakikatika unajiuliza kitu kimoja tu, sentensi ya mwisho kabla hayajakatika ilikuwa ipi na nani aliisema. Andika hata kwenye simu. Mi niliandika nyuma ya daftari la madeni ya bodaboda.

Baada ya wiki mbili nikawa na kama mara tisa, na karibu zote ziliangukia sehemu tatu. Ya kwanza, pale mke wangu anapohamia Kiingereza. Anaanza vizuri kwa Kiswahili, ila akifika kwenye kiini chenyewe, riba, makato, bima, mtaala, anateleza kwenye Kiingereza, na mi naacha kusikiliza, natingisha tu kichwa. Ya pili, pale anaponisahihisha neno. Mi nasema kitu cha maana kabisa, yeye anarekebisha nilivyotamka, na hapo mi nafunga duka. Ya tatu ni yangu mwenyewe, ile "we ndo umesoma." Nilikuwa naona ni heshima, kumbe kwake ilikuwa ni kutupiwa mzigo. Aliniambia baadaye, "Baba, ukisema hivyo mi najisikia niko peke yangu kwenye hii nyumba."

Hiyo ya Kiingereza nataka niikalie kidogo maana watu wengi wanaitafsiri vibaya. Mi nilijua anaringa. Kumbe angalia shule zetu za serikali zilivyo, msingi unasoma kwa Kiswahili, ukivuka kwenda fomu wani kila kitu kinageuka Kiingereza, mpaka chuo. Sasa mi niliishia palepale mpakani. Yeye kila alichojifunza kuhusu benki, sheria, saikolojia ya mtoto, alikipata upande wa pili wa mpaka, kwa Kiingereza tu. Nilipomuuliza siku moja, taratibu bila ugomvi, "hilo neno kwa Kiswahili ni nini," alikaa kimya, akacheka, akasema kiukweli sijui. Yaani hakuwa ananificha, hakuwa nalo. Siku hiyo mimi niliacha kukasirika kwa nusu, na nusu iliyobaki ikatoka kwenye hatua inayofuata.

Chukueni karatasi moja, muisome yote kwa Kiswahili

Karatasi moja, sio mada. Mada kama "tuongelee hela" ni pana na mwenye maneno mengi atashinda. Karatasi iko mezani, wote mnaiona, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kama msomi ni mwajiriwa, anzeni na slipu ya mshahara, maana ndo inayovunja ndoa nyingi za namna hii kimyakimya. Asiye na ajira anasikia mshahara ni laki nane, anaona nyumbani inafika laki tano na kitu, katikati pale anajaza mwenyewe, na anachojaza sio kizuri. Mi nilijaza kwamba anawatumia kwao.

Sitaweka namba za mke wangu, tuchukue mshahara wa 800,000 hesabu iende vizuri. Kwenye slipu ya mtumishi wa serikali utakuta PSSSF, huo ni mfuko wa pensheni, mfanyakazi anakatwa asilimia 5, yaani 40,000. Hela hiyo ni akiba ya uzeeni, haijapotea. Afu kuna PAYE, kodi ya mshahara, na hii inapigwa baada ya kutoa ile ya pensheni, kwa hiyo inahesabiwa kwenye 760,000. Laki mbili na sabini za mwanzo hazikatwi kitu. Laki mbili na nusu zinazofuata zinakatwa asilimia 8, ni 20,000. Zilizobaki hapo ni 240,000, zinakatwa asilimia 20, ni 48,000. Jumla kodi 68,000. NHIF ni bima ya afya, asilimia 3, 24,000. Kama ni mwalimu mwanachama wa CWT, chama cha walimu, asilimia 2, 16,000. Afu inakuja ile kubwa kuliko zote, HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni la chuo liishe, hapo ni 120,000.

Jumlisha zote, 268,000. Inabaki 532,000.

Mi hiyo ya bodi ya mikopo sikuwahi kuisikia. Miaka minne nimeishi na mtu ana deni la chuo analipa kila mwezi na sijui, na yeye hakuficha, alidhani kila mtu anajua! Hapo ndo utaelewa ninachosema, kwa wasomi wenzake hicho ni kitu cha kawaida kama jua kuchomoza, kwa hiyo hakuona haja ya kusema.

Namna ya kuisoma. Asiyejua ndo ashike karatasi na kalamu, sio msomi. Msomi akishika atakimbia. Kila mstari asiyejua aandike pembeni kwa Kiswahili chake, hata kama ni Kiswahili cha gereji, mi pale kwenye PSSSF niliandika "kibubu cha uzeeni" na mpaka leo tunaiita hivyo. Msomi haruhusiwi kusahihisha neno, anaruhusiwa kusahihisha maana tu. Tofauti ni hii, nikiandika "bima ya ajali" wakati ni bima ya afya, hapo maana imekosewa, arekebishe. Nikiandika jina langu la kienyeji na maana iko sawa, aache. Siku ya kwanza ilituchukua saa nzima kwa karatasi moja, msiogope, ya pili itachukua robo saa.

Acheni kuulizana "umeelewa?"

Hili swali ni la darasani. Si unakumbuka mwalimu anauliza "tumeelewana?" darasa zima "ndiyooo," na hamna aliyeelewa. Mtu mzima ndo kabisa, mbele ya mke wake hawezi kusema sijaelewa. Kwa hiyo mzigo unahama, anayeeleza anasema, "hebu niambie ulivyonipata, nione kama nimeeleza vizuri." Ukisema hivyo, nikikosea kosa ni la maelezo yako, sio la kichwa changu. Manesi wazuri wanafanya hivi wanapokupa dawa, wanakuambia hebu nielekeze utakavyokunywa.

Sasa hii mkiifanya pande zote mbili inakuwa kanuni yenyewe ya maongezi, na washauri wa ndoa wanaitumia sana. Mmoja ni msemaji, mwingine ni msikilizaji. Msemaji anaongea sentensi mbili tatu, anaacha. Msikilizaji anarudia alichosikia kwa maneno yake, hajibu, hatetei, anarudia tu. Msemaji akisema "ndo hivyo," wanaendelea, akisema "hapana, hapa hujanipata," anaeleza tena. Akimaliza la moyoni wanabadilishana. Na kuna kitu cha kushika mkononi ili ijulikane zamu ni ya nani, sisi tulitumia spana namba 10 kwa sababu ndo ilikuwa mezani siku hiyo. Mwenye spana anaongea, asiye na spana anarudia.

Itakuwa ya ajabu mwanzoni, mtajiona mnaigiza. Faida yake kwa wanandoa wenye elimu tofauti ni kwamba inampunguza spidi msomi. Mke wangu aligundua kwamba akiongea sentensi sita mfululizo mi narudia mbili, kwa hiyo akaanza kukata vipande. Na mimi ikanibana, maana huwezi kurudia kitu kama uliacha kusikiliza kwenye neno la tatu.

Nitoe mfano wenyewe. Alikuwa amechukua mkopo wa mshahara benki kumalizia nyumba. Nao namba nazizungusha, tuseme milioni 7, akatwe 250,000 kila mwezi kwa miaka mitatu. Wakati anachukua aliniambia, na mi nilisema "sawa." Ile sawa ilikuwa ya uongo, nilikuwa sijaelewa kitu. Baadaye nikaona hela ya nyumbani imepungua nusu, ugomvi ukaanza chini kwa chini, sahani zinawekwa kwa kishindo. Tulipokaa na spana ilienda hivi.

Yeye: "Nilichukua milioni saba kwa ajili ya bati na madirisha. Nakatwa laki mbili na nusu kila mwezi. Nilikwambia, ukasema sawa."

Mimi: "Unasema ulikopa milioni saba za bati na madirisha, unakatwa laki mbili na nusu, na mi nilikubali."

"Ndo hivyo."

Nikapewa spana. "Mi nilisema sawa kwa sababu uliongea haraka na kuna maneno sikuyajua. Niliona nikiuliza nitaonekana mjinga. Na kitu kimoja nilitaka kuuliza nikaacha, jumla tunarudisha ngapi?"

Akarudia, afu akanyamaza. Akachukua kalamu. 250,000 mara miezi 36 ni milioni 9. Akaniangalia. Yaani mwalimu mwenye digrii alikuwa anajua kiwango cha riba, anajua kanuni kwamba mtumishi lazima abaki na angalau theluthi moja ya mshahara, ambayo kwa 800,000 ni kama 266,700 na yeye kwa mfano huu anabaki na 282,000, kwa hiyo benki walikuwa sahihi kabisa, lakini hakuwahi kukaa akajumlisha kwamba milioni 2 zinaenda kwa ajili ya milioni 7. Mi hilo ndo swali la kwanza kwenye biashara yangu. Mtu akikuuzia injini kwa mafungu unauliza mwisho wa siku inanicost ngapi, hamna cha asilimia.

Tangu hapo tuna maswali matatu, na hayo ni zamu yangu kuuliza kwenye karatasi yoyote inayoingia nyumbani: jumla tunatoa ngapi, tunamaliza lini, na tukishindwa wanachukua nini. Hayahitaji fomu fo. Kama we ndo usiyesoma kwenye ndoa yako, yachukue hayo matatu, msomi akishindwa kuyajibu basi ujue na yeye hajaielewa karatasi.

Na msomi naye aje upande wa pili

Watu wengi wanaishia hapo juu, wanakuwa na darasa ndani ya nyumba, mmoja mwalimu milele mmoja mwanafunzi milele. Miezi miwili tu mwanafunzi atachoka, ataanza kuchelewa kurudi. Lazima kuwe na mahali ambapo msomi ndo hajui.

Mke wangu alikuwa hajawahi kukaa gereji zaidi ya dakika tano, anashuka, anaacha chakula, anaondoka. Jumamosi moja nikamwomba akae kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nikamwambia usinisaidie, kaa tu uangalie, kisha kila pikipiki ikiondoka uniambie umeona nini. Zamu ya kurudia ni yake.

Ikaja boda inatoa moshi. Yule kijana anasema kabureta, keshaambiwa na mtu njiani aisafishe, kalipa, haijapona. Mi nikawasha, nikaangalia moshi, wa bluu. Nikazima. Mke wangu akauliza umejuaje bila kufungua. Nikamweleza, moshi mweusi ni petroli nyingi, hapo kweli unaweza kumlaumu kabureta, lakini wa bluu ni oili inaungua, maana yake ringi zimelika au sili za valvu zimechoka, na kutofautisha hizo mbili unaangalia unatoka saa ngapi. Ukitoka ukiwasha asubuhi afu ukapotea, sili. Ukitoka muda wote na ukivuta mafuta unaongezeka, ringi. Huu ulikuwa unaongezeka. Akarudia vizuri, nikamwambia "ndo hivyo," aisee nilivyosikia raha siku ile siwezi kueleza.

Afu akaona kitu cha pili ambacho ni cha maana zaidi kwenye maongezi yetu. Akaona daftari. Yule kijana hakuwa na hela yote, pikipiki ni ya mkataba, hesabu ya tajiri lazima ipelekwe kila siku, kwa hiyo nikamtengenezea, nusu kalipa, nusu nikaandika. Mke wangu miaka yote alikuwa anauliza kwanini siku nyingine narudi na elfu tano wakati gereji imejaa watu. Nilikuwa najibu "biashara ndo ilivyo." Sasa akaona. Ukimkatalia boda asiye na hela hatembei, asipotembea hakulipi hata la zamani, na kijiwe kizima kinahamia kwa fundi wa ng'ambo. Yeye ndo akaja na wazo la kuweka kikomo, mtu mmoja deni lisizidi elfu thelathini, na kila Ijumaa napiga simu. Wazo lake limefanya kazi kwa sababu alikuja akaona kwanza. Angelitoa sebuleni bila kufika ningelitupa hukohuko.

Ukiwa huna gereji ni kitu kingine, shamba, meza ya nyanya, cherehani. Ila iwe nusu siku nzima, sio kutembelea.

Mahali na muda

Hili nalipita haraka. Sio kitandani, sio mbele ya watoto, sio mtu akiwa na njaa. Sisi ni Jumapili jioni nyuma ya nyumba, tumekaa upande mmoja tunaangalia karatasi, sio kuangaliana usoni kama usaili wa kazi. Nusu saa. Jambo moja.

Mkiona moyo unaenda mbio, masikio yamepata moto, huna unachosikia tena, simameni. Mwili ukishafika hapo unahitaji kama dakika 20 au zaidi kutulia, na ukilazimisha utaongea upumbavu. Ila anayeomba kusimama lazima aseme tunarudi saa ngapi. Mi zamani nilikuwa natoka tu naenda kijiweni, kwangu nilikuwa natulia, kwake nilikuwa nimemkimbia. Sasa nasema "nipe mpaka saa mbili" na saa mbili niko pale.

Mtoto akianza kupima nani anajua

Hii ilituuma. Mtoto wetu wa kwanza anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, akiwa darasa la tatu nikamwita alete daftari, akasema "baba hujui, nampelekea mama." Hakusema kwa dharau, alisema ukweli anaouona. Lakini mtoto akishaona hivyo, na mke akanyamaza, uzito wako kwenye kila jambo la watoto unapungua, na baadaye mkiongelea shule una aibu ya kufungua mdomo.

Mke wangu hakunitetea kwa maneno. Alimwambia mtoto, "mwambie baba kwa Kiswahili swali linasema nini, afu yeye akufundishe." Mtoto akatafsiri, ilikuwa hesabu ya kugawanya sehemu, tukaifanya kwa kugawa chungwa. Sasa hesabu zinakuja kwangu, na mtoto analazimika kuelewa swali kwanza kabla hajaleta, kwa hiyo hata mwalimu wake kasema kabadilika. Ya kusoma hadithi bado ni ya mama, na iwe hivyo.

Kanuni ya saini

Kwenye ndoa kama zetu lazima mkubaliane hili mapema, wakati hamna shida. Hamna anayesaini karatasi siku ileile iliyoletwa. Inakuja nyumbani, inalala, inasomwa kwa Kiswahili, maswali matatu yanajibiwa, ndo inasainiwa.

Hasa ikihusu nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi, haiwekwi rehani, haitolewi zawadi wala kupangishwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka ridhaa ya mwenzi kwenye rehani ya nyumba hiyo. Ndo maana benki wakitaka nyumba kama dhamana wanamwita mke au mume asaini. Sasa ile saini ndo ulinzi wako wote, na wengi wa la saba tunaitoa kwa aibu, tunaambiwa weka hapa na hapa, tunaweka ili tusionekane hatujui kusoma. Mi kuna ofisi moja nilishawekewa fomu ya Kiingereza ya kurasa nne, kijana ananihimiza kuna foleni nyuma. Nikamwambia naomba nakala niende nayo nyumbani. Akanuna. Nikaenda nayo nyumbani.

Inapoharibika

Utajua inaharibika ukiona kurudia kumegeuka kejeli, "unasema kwamba mi sijui kitu, si ndo hivyo?" Huko sio kurudia, huko ni kurusha jiwe. Wekeni spana chini, mrudi kesho. Kuna pia msomi anayerahisisha mpaka anaongea na mwenzake kama na mtoto wa chekechea, hiyo inauma kuliko Kiingereza chenyewe. Mwambie, "usipunguze jambo, punguza spidi."

Na msilazimishe kupenda vitu vilevile. Mke wangu anasoma vitabu, mi ni Yanga na redio. Tulijaribu mwezi mmoja yeye aangalie mechi na mi nisome, tuliteseka wote. Sasa nusu saa ya Jumapili inatosha na siku zingine kila mtu na raha zake, mi namsimulia penalti, yeye ananisimulia kitabu kimefika wapi, tunaulizana maswali mawili tunaendelea.

Kitu ambacho mwongozo huu hautibu ni dharau ya makusudi na kipigo. Kama mwenzako anakuita mjinga mbele za watu, akakuficha hati, au anainua mkono, hiyo sio tofauti ya elimu, na kurudiarudia sentensi kutampa tu nafasi zaidi. Dharau pelekeni kwa wazee, kanisani, msikitini au kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Kipigo nenda dawati la jinsia polisi, usianzie kwenye kikao cha familia.

Sisi hatujamaliza. Mdogo anatakiwa kuanza la kwanza Januari, mi nataka aende kayumba hapa karibu hela iliyobaki tuongeze kompresa, mke anataka amfuate mwenzake kwenye Kiingereza. Jumapili tatu sasa tunalirudia. Jumapili iliyopita mi ndo niliomba kusimama, na spana iko kwake.